Kuzuiwa Uwanja wa Ndege wa Dar: Nani Anakuzuia, kwa Nini, na Karatasi za Kubeba

Mtu akirudishwa kutoka uwanja wa ndege wa Julius Nyerere, mtaani husemwa kwamba uhamiaji wamemkatalia. Wakati mwingine ni kweli, lakini mara nyingi aliyemzuia hakuwa uhamiaji kabisa. Tofauti hiyo ni kubwa, kwa sababu asiyejua amezuiwa na nani hutengeneza karatasi isiyohusika, akanunua tiketi nyingine, kisha akakwama palepale.

Kuna milango miwili. Wa kwanza ni kaunta ya shirika la ndege, pale unapopimiwa mizigo na kupewa pasi ya kupandia. Mhudumu wa kaunta hana mamlaka ya kiserikali, ila ana hofu ya hela. Abiria akikataliwa anakokwenda kwa kukosa nyaraka, shirika lililombeba ndilo linalolazimika kumrudisha, na nchi nyingi hulitoza faini juu yake. Uingereza, kwa mfano, hulitoza shirika hadi pauni 2,000 kwa kila abiria aliyefika bila nyaraka sahihi. Ndiyo maana mhudumu huangalia kwenye mfumo uitwao Timatic, ambako huingiza uraia wako, nchi unakokwenda, nchi unakopitia na aina ya viza, kisha mfumo humwambia kinachotakiwa. Mfumo ukisema hutoshi, kumbembeleza hakusaidii, kwa sababu faini itakwenda kwa mwajiri wake na lawama itamrudia yeye.

Mlango wa pili ni dirisha la Uhamiaji. Ofisa wa hapo ni mtumishi wa serikali na hofu yake ni nyingine. Anataka kujua kama pasipoti ni halali na ni yako, kama hakuna amri ya mahakama au jalada la polisi linalokuzuia kutoka, na kama hupelekwi mahali ukauzwe. Hilo la mwisho ndilo huwashangaza vijana, hasa mabinti wanaosafiri peke yao kwa mara ya kwanza. Tanzania ina Sheria ya Kuzuia Biashara Haramu ya Usafirishaji wa Binadamu tangu 2008, na dirisha hilo ndipo mahali pa mwisho ambapo mtu aliyedanganywa anaweza kukamatwa mkono akiwa bado nyumbani kwao.

Mwongozo huu unafuata safari moja, ya Dar kwenda Dubai kwa viza ya matembezi kwa mtu anayesafiri mara ya kwanza, kwa kuwa humo makosa ya milango yote miwili hukutana. Anayekwenda Guangzhou, Istanbul au Muscat atabadilisha masharti ya viza tu. Ukaguzi ni uleule.

Mfano tutakaoufuata

Tuchukue dada wa miaka 26 mwenye fremu ya nguo Kariakoo. Anataka kwenda Deira, mtaa wa biashara wa Dubai, siku sita kununua mzigo wa mabaibui na mitandio. Shangazi yake anaishi Dubai na atamlaza. Viza ameombewa na wakala, tiketi imelipiwa na shangazi kwa kadi yake, na mkononi ana dola 4,000. Safari yake ni ya kweli kabisa. Lakini tazama karatasi zake zinavyosema. Viza ni ya siku 60. Tiketi ya kurudi ni ya siku 28 baadaye, kwa kuwa ndiyo ilikuwa rahisi, naye alipanga kuibadilisha akifika. Wakala amemwekea hoteli ya usiku mbili ili viza ipite. Yeye mwenyewe mdomoni anasema siku sita.

Ofisa ana mbele yake muda wa namna nne tofauti kwa safari moja: 60, 28, mbili na sita. Ukiongeza kwamba aliyelipa tiketi ni mtu mwingine na kwamba msafiri ni binti anayekwenda Ghuba kwa mara ya kwanza, picha inayojengeka ni ya mtu anayekwenda kufanya kazi za ndani kwa viza ya matembezi. Ataitwa pembeni. Akiwa na bahati atahojiwa nusu saa, na kama alichelewa kufika uwanjani, ndege itamwacha.

Karibu kila kinachofuata hapa chini ni namna ya kuzifanya karatasi hizo na mdomo wake viseme safari moja, ile ya kweli.

Hatua ya kwanza: hakiki viza mwenyewe

Usipokee viza kwa WhatsApp ukaridhika kwa kuwa ina nembo ya tai. Viza za kughushi zipo, na nyingine zilikuwa halali zikafutwa. Fungua faili na ulinganishe herufi kwa herufi na pasipoti yako: majina yote, namba ya pasipoti, tarehe ya kuzaliwa, uraia. Namba ya pasipoti ikipishana tarakimu moja, kwa macho ya mhudumu wa kaunta hiyo ni viza ya mtu mwingine.

Kisha angalia tarehe mbili ambazo watu huzichanganya. Moja ni mwisho wa kuingia, yaani kwa kawaida una siku 60 tangu viza ilipotolewa kuwa umeshafika. Nyingine ni siku unazoruhusiwa kukaa baada ya kuingia, 30 au 60. Mtu aliyepewa viza mapema akachelewa kukata tiketi anaweza kufika kaunta na viza ya kukaa siku 30 ambayo muda wake wa kuingia umekwisha juzi.

Viza iliyotolewa Dubai hukaguliwa kwenye tovuti ya `gdrfad.gov.ae`, na ile iliyotolewa na falme nyingine hukaguliwa `smartservices.icp.gov.ae` kwenye sehemu iliyoandikwa `File Validity`. Unahitaji namba ya faili iliyo juu ya viza, namba ya pasipoti na tarehe ya kuzaliwa. Fanya hivyo siku uliyopokea viza, na urudie siku moja kabla ya safari. Kama mfumo hauijui, acha kila kitu uzungumze na wakala kabla hujalipa tiketi.

Jambo jingine la hapa ni idhini ya kupanda. Baadhi ya mashirika, viza ikiwa imetolewa na wakala au hoteli badala ya shirika lenyewe, hutaka maneno `OK TO BOARD` yawekwe kwenye buking yako kabla ya siku ya safari. Piga simu ofisi ya shirika siku tatu kabla, uulize kama viza yako inahitaji hilo. Ni jambo la dakika tano likiulizwa mapema, na ni safari nzima likigundulika kaunta usiku.

Hatua ya pili: majina kwenye tiketi

Majina yetu matatu huleta shida kwa sababu mifumo ya tiketi inajua sehemu mbili tu, jina la ukoo na majina uliyopewa. Kwenye pasipoti tazama mistari hiyo miwili ilivyojazwa, usifuate mazoea ya jinsi unavyojitambulisha. Jina lililo kwenye mstari wa ukoo ndilo linaloandikwa kwanza kwenye tiketi, kabla ya mkwaju, na mengine hufuata. Kama pasipoti ina ukoo Juma na majina Asha Salum, tiketi isomeke hivi:

```
JUMA/ASHA SALUM MS
```

Wakati mwingine utaikuta imeandikwa `ASHASALUMMS` bila nafasi. Hilo si kosa, mfumo ndivyo unavyounganisha, na kaunta wanalijua. Kosa ni pale wakala anapoweka Salum kuwa ukoo, au anapoacha jina ambalo viza inalo. Herufi moja iliyokosewa mara nyingi hurekebishwa na shirika, pengine bila malipo. Jina zima likibadilika, huhesabiwa kuwa ni tiketi ya mtu mwingine na utaambiwa ununue mpya. Kwa hiyo kagua ndani ya saa 24 tangu tiketi ikatwe, kabla wakala hajafunga hesabu zake.

Hakikisha pia kwamba ulichonacho ni tiketi. Herufi na tarakimu sita za buking peke yake si tiketi. Zinaweza kuwa nafasi iliyoshikiliwa tu, itakayofutika baada ya siku moja au mbili. Tiketi iliyolipiwa ina namba ya tarakimu 13, na tatu za mwanzo ni za shirika: 176 kwa Emirates, 071 kwa Ethiopian. Ukiingiza buking kwenye tovuti ya shirika ukaona safari ya kwenda na ya kurudi zote zimethibitishwa na namba hizo 13 zipo, uko salama upande huo. Wapo wanaouza tiketi za kurudi za bandia ili "kuonyesha tu". Mhudumu huziona zimekufa akibonyeza mara moja, na baada ya hapo hataamini karatasi yako nyingine yoyote.

Hatua ya tatu: pasipoti yenyewe

Dubai hutaka pasipoti iwe na angalau miezi sita ya uhai tangu siku unayoingia. Hesabu kwa kalenda, usikadirie. Pasipoti inayoisha tarehe 10 Machi haikufai kuingia baada ya tarehe 10 Septemba ya mwaka uliotangulia. Kupata mpya ni shilingi 150,000, na kama una viza hai ya nchi nyingine kwenye ile ya zamani, beba zote mbili.

Kisha ifungue ukurasa kwa ukurasa kwenye mwanga. Ukurasa uliolegea kwenye uzi, kona iliyochanwa, alama ya maji iliyopita kwenye picha, mstari wa kalamu aliouchora mtoto, vyote hivyo humfanya ofisa ashuku kwamba pasipoti imechezewa, hata kama ni wewe uliyeisahau mfukoni ikafuliwa.

Na kuna hili ambalo huwaumiza watu wasio na hatia. Kama uliwahi kuripoti pasipoti kuwa imepotea ukapewa nyingine, kisha ile ya kwanza ikaonekana nyuma ya kabati, usisafiri nayo kamwe. Ilishafutwa, na taarifa zake huweza kuwa zimeshaingia kwenye kanzidata ya Interpol ya pasipoti zilizoibwa na kupotea, ambayo nchi nyingi husoma kwenye mipaka yao. Irudishe Uhamiaji.

Hatua ya nne: muda, malazi na fedha vikubaliane

Hapa ndipo dada wetu wa Kariakoo anahitaji kazi zaidi.

Aanze na tiketi. Kama anakaa siku sita, tiketi ya kurudi iwe ya siku ya sita au ya saba. Tofauti ya bei kati ya tarehe hiyo na ile ya siku 28 mara nyingi ni ndogo kuliko gharama ya kubadilisha baadaye, na ni ndogo mno ukilinganisha na tiketi iliyoungua. Viza ya siku 60 yenyewe haina tatizo, maana viza ni ukomo tu. Tiketi ndiyo inayosema nia.

Malazi nayo yaseme ukweli. Analala kwa shangazi, basi hoteli ya usiku mbili ya nini? Akiulizwa "utafikia wapi?" akajibu kwa shangazi, huku mkononi ana karatasi ya hoteli, ameshajipinga mwenyewe. Abebe barua fupi ya shangazi yenye majina kamili, anwani, namba ya simu na tarehe za mgeni wake, pamoja na nakala ya kitambulisho chake cha ukaazi na mkataba wa nyumba uliosajiliwa, ambao Dubai huitwa Ejari. Shangazi awe macho na simu yake iwe na chaji saa za ukaguzi, maana ofisa anaweza kumpigia. Asiyekuwa na mwenyeji, hoteli iwe ya usiku wote wa safari, na iwe hai. Buking ya kulipia ukifika inakubalika, ilimradi usiifute ukishachapa karatasi.

Tiketi imelipiwa na shangazi. Hilo si kosa, ila lisemwe mapema kwenye barua hiyohiyo, mstari mmoja tu, na uhusiano wao uonekane. Shangazi akiwa ni dada wa baba, jina la babu litaonekana kwenye vyeti vya kuzaliwa vya pande zote mbili. Nakala mbili za vyeti kutoka RITA zinamaliza swali ambalo maneno mia hayamalizi.

Fedha zina pande mbili. Mamlaka za Dubai zinaweza kumtaka mgeni wa viza ya matembezi aonyeshe Dirham 3,000 taslimu au kwenye kadi, ambazo ni zaidi kidogo ya dola 800, na mashirika ya ndege huuliza hilo yakiona msafiri wa mara ya kwanza. Upande wa hapa nyumbani, kutoka na fedha taslimu zenye thamani ya dola 10,000 au zaidi bila kuzitamka forodha ni kosa. Dola 4,000 ziko chini ya hapo, kwa hiyo hana cha kujaza. Lakini zinatoka wapi? Abebe risiti ya duka la kubadilishia fedha yenye jina lake, taarifa ya miamala ya benki au ya simu ya miezi mitatu, nakala ya leseni ya biashara na cheti cha TIN. Karatasi hizo zinafanya kazi nyingine kubwa zaidi: zinaonyesha kwamba ana kitu Kariakoo kinachomrudisha. Mwajiriwa atatumia barua ya likizo yenye tarehe ya kurudi kazini, na mwanafunzi barua ya chuo. Mtumishi wa umma asithubutu kwenda bila ruhusa ya maandishi ya mwajiri wake, hata kama ni safari yake binafsi.

Hatua ya tano: bahasha moja

Chapa kila kitu. Simu huisha chaji, mtandao hugoma, na kumpa ofisa simu yako yenye picha na gumzo zako zote si busara. Panga kwa mtiririko ambao swali hufuata swali: tiketi ya kwenda na kurudi juu, viza, malazi au barua ya mwenyeji, fedha na risiti, kisha biashara au kazi. Si zaidi ya kurasa 12 hivi. Faili la kurasa 50 lenye vyeti vya shule na picha za harusi humfanya ofisa ajiulize kwa nini umejiandaa kiasi hicho.

Cheti cha chanjo ya homa ya manjano kiwe ndani ya pasipoti kama nchi unayopitia, kwenda au kurudi, inakidai. Dozi moja hukufaa maisha yote, ila huanza kutambulika siku ya 10 baada ya kuchomwa, hivyo cheti cha juzi hakikusaidii leo.

Hatua ya sita: siku yenyewe

Safari za nje huondokea Jengo la Tatu, Terminali 3. Fika saa nne kabla kama ni mara yako ya kwanza, si saa mbili. Mashirika mengi hufunga kaunta dakika 60 kabla ya ndege kuondoka, na mengine mapema zaidi. Ukiwa na muda, kuhojiwa dakika 40 ni usumbufu tu. Ukiwa huna, dakika hizohizo ndizo zinazokuacha, na hapo hakuna aliyekukatalia rasmi wala wa kumlalamikia.

Kaunta watakuuliza kidogo. Wakisema kuna kasoro, uliza neno hili hasa: "Mfumo unasema nimekosa nini?" Waombe wakusomee mstari wenyewe wa Timatic. Kama ni tiketi ya kurudi, unaweza kuinunua hapohapo kwa simu. Kama ni viza au uhai wa pasipoti, usipoteze nguvu zako. Ukitaka kuyajua masharti hayo kabla ya siku, umoja wa mashirika ya ndege, IATA, huyaweka wazi kwenye `iatatravelcentre.com`.

Dirishani, salimia, toa pasipoti na pasi ya kupandia, na ungojee swali. Maswali ni yaleyale: unakwenda wapi, kufanya nini, siku ngapi, unafikia kwa nani, nani amelipa, unafanya kazi gani hapa. Jibu linalotakiwa ni fupi na la kweli. "Shikamoo afande. Nakwenda Dubai siku sita kununua nguo za duka langu, nafikia kwa shangazi, Deira. Tiketi amenilipia yeye." Ameshajibu karibu yote kwa pumzi moja, na kila moja lina karatasi yake nyuma. Usimwage karatasi zote dirishani. Toa ile iliyoulizwa.

Makosa yanayomwelekeza mtu kwenye chumba cha mahojiano yanajulikana. Kutojua jina kamili la mwenyeji ni la kwanza. Kumgeukia mtu mwingine kwenye foleni kabla ya kujibu ni la pili, kwa sababu linaonyesha kuna anayekuongoza. La tatu ni kukariri. Wakala hufundisha kundi zima sentensi moja, na ofisa akishaisikia kwa mabinti wanne mfululizo, wa tano hata akisema kweli haaminiki.

Ukiitwa pembeni, nenda. Usipige kelele, usitoe hela, na usiweke noti ndani ya pasipoti. Kutoa rushwa ni kosa kwa anayetoa pia, chini ya sheria ya 2007, na noti ile hugeuza shaka kuwa jalada. Ukiombwa wewe hela, namba ya bure ya TAKUKURU ni 113.

Kama kweli unakwenda kufanya kazi

Hapo mwongozo hubadilika kabisa, na tunalisema kwa uzito: hakuna bahasha itakayoigeuza viza ya matembezi kuwa ya kazi. Binti akipita dirishani kwa kudanganya, anatua kwenye nchi ambako hana mkataba unaotambulika na ubalozi haujui kama yupo. Mara nyingi pasipoti yake huishia kwenye kabati la mwajiri. Uongo uliomsaidia kupita ndio unaomnyima msaada siku anapouhitaji.

Njia halali hupitia kwa wakala wa ajira mwenye leseni ya serikali. Mkataba huandikwa jina la mwajiri, mshahara, saa na mapumziko, huhakikiwa na ubalozi wa Tanzania kwenye nchi hiyo, kisha hupitishwa na Wakala wa Huduma za Ajira, TaESA. Kwa wa Zanzibar, ni Kamisheni ya Kazi ya huko. Viza iwe ya ajira, na jina la mwajiri kwenye viza lilingane na la kwenye mkataba. Dirishani useme wazi kwamba unakwenda kazini, utoe mkataba. Wakala anayekuambia "ukifika dirishani sema unakwenda kutembea" ameshakuonyesha yeye ni nani. Usipande ndege hiyo.

Wanaopitia nchi nyingine, na wenye watoto

Anayeunganisha ndege aangalie pia nchi ya katikati. Mtanzania anayepita Uingereza kwenda kwingine huhitaji viza ya kupitia hata asipotoka ndani ya uwanja, isipokuwa ana msamaha, kwa mfano akiwa na viza hai ya Marekani au Kanada. Hatari zaidi ni tiketi mbili zilizonunuliwa tofauti ili kuokoa hela. Mizigo haipitilizwi, itabidi uingie nchi ya katikati kuichukua, na kwa hiyo utahitaji viza yake. Kaunta ya Dar italiona hilo.

Mtoto anayesafiri na mzazi mmoja abebewe cheti cha kuzaliwa na barua ya ridhaa ya mzazi mwingine, iliyothibitishwa na wakili, pamoja na nakala ya kitambulisho chake. Mzazi akiwa amefariki, beba cheti cha kifo. Akisafiri na mjomba au bibi, ridhaa iwe ya wazazi wote wawili.

Ukishazuiwa

Jambo la kwanza ni tiketi, na lina saa. Msafiri asiyetokea huhesabiwa ametoroka safari, na mashirika mengi hufuta pia kipande cha kurudi. Kabla mlango wa ndege haujafungwa, mwambie mhudumu wa shirika, au pigia ofisi yao, kwamba umezuiwa na unaomba uondolewe kwenye safari hiyo na tiketi ibaki wazi. Ukiwahi, kwa kawaida utalipa tozo ya kubadilisha tarehe pamoja na tofauti ya nauli. Ukichelewa hata kwa dakika kumi, unaweza kubaki na madai ya kodi na tozo za uwanja peke yake. Mzigo wako utashushwa. Usiondoke bila kuupokea, na tunza kile kijikaratasi cha mzigo mpaka hapo.

La pili ni sababu. Uliza kwa upole, uandike mwenyewe palepale: aliyekuzuia ni wa shirika au wa Uhamiaji, saa ngapi, na sababu kwa maneno yake. Pasipoti ikizuiliwa, omba maandishi ya kupokelewa kwake na jina la ofisa. Kesho yake asubuhi, kama sababu ilikuwa nyaraka za viza, uende kwa wakala na shirika. Kama ilikuwa ya Uhamiaji, uende ofisi za Uhamiaji Kurasini na bahasha ileile, uombe kuonana na ofisa wa pasipoti au wa malalamiko, uonyeshe kilichokosekana na ulichorekebisha. Kama ni amri ya mahakama au jalada la polisi, Uhamiaji hawawezi kuiondoa. Iondolewe ilikotoka, na nakala ya uamuzi uibebe siku ya safari.

Dada wetu wa Kariakoo, akizuiwa kwa tarehe zake zisizokubaliana, hahitaji viza mpya wala wakala mpya. Anahitaji tiketi ya kurudi ya siku ya saba, barua ya shangazi yenye nakala ya Ejari, risiti ya dola zake na leseni ya fremu. Ni kazi ya siku mbili, na viza yake ikiwa bado ndani ya siku 60 za kuingia, anaweza kusafiri wiki hiyohiyo. Akiulizwa dirishani kama aliwahi kuzuiwa, ajibu ndiyo, lini, na kwa nini.